Mirathi si Mauzo: Pesa ya Marehemu Kakako Isigeuzwe Mapato ya Kufichwa



Ndugu msomaji, hebu tuanze na sheria, kwa sababu wengi wetu tunaogopa kabla ya kujua tunaogopa nini. Katiba ya Kenya, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi inayoweza kutozwa isipokuwa kwa sheria. Sheria yenyewe ni ya Kodi ya Mapato, na sehemu yake ya 3 inataja mapato yanayotozwa: biashara, mshahara, kodi ya nyumba, gawio, riba, pensheni na mengineyo. Soma orodha hiyo juu hadi chini. Hutakuta mirathi humo, wala hiba ya ami yako aliye Jeddah. Zamani palikuwa na ushuru wa mali ya marehemu hapa Kenya, nao ulifutwa mwaka 1982.

Kwa hivyo, pesa ya mirathi si mapato na wala haidaiwi kodi ya mapato. Hilo halina ubishi.

Sasa mbona watu wetu wanapata barua za kuwatisha? Kwa sababu kati ya sheria na akaunti yako ya benki pana mtu anayehesabu, na hesabu yake haianzi na swali "hii ni nini?" Inaanza na jawabu.

Inakwenda hivi. Afisa wa KRA akikukagua, ana uwezo wa kuitisha stetimenti zako za benki. Anajumlisha kila shilingi iliyoingia. Anaondoa kile anachoweza kukitambua, mshahara uliokwisha kukatwa kodi, mkopo, pesa uliyohamisha mwenyewe kutoka akaunti moja hadi nyingine. Kinachobaki anakilinganisha na mapato uliyotangaza kwenye iTax. Tofauti ile, ukishindwa kuieleza, inaitwa mapato ambayo hukutangaza, na inatozwa. Stetimenti haiandiki "mirathi" wala "hiba". Inaandika tarehe, kiasi na jina la mtumaji, basi. Hapo machozi ya matanga na faida ya dukani vyote vina rangi moja.

Kisha kuna pigo la pili, na hili ni la kisheria. Katika kesi ya jinai wewe huna hatia mpaka serikali ithibitishe. Kwenye kodi mambo yamepinduliwa. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, sehemu ya 56, inasema anayepinga uamuzi wa kodi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uamuzi huo si sahihi. Yaani Kamishna akisema pesa yako ni mauzo, si yeye wa kuleta mteja uliyemuuzia. Ni wewe wa kuleta maiti, warithi na njia ya pesa.

Tuchukue mfano, tuuhesabu mpaka mwisho.

Mama mmoja wa Majengo, Mombasa, ni mwalimu wa shule ya kibinafsi. Mshahara wake ni shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka, na kodi hukatwa kabla hajaushika. Jioni huuza mabuibui mawili matatu kwa majirani. Kakake aliishi Muscat miaka mingi, akafariki huko. Hakuacha mtoto, na wazazi wametangulia. Ameacha mke, ndugu mmoja wa kiume aliye Kwale, na dada mmoja, ambaye ndiye huyu mwalimu. Marehemu na ndugu zake hao wawili ni baba mmoja, mama mmoja.

Baada ya mazishi na madeni kulipwa, kilichobaki ni sawa na shilingi 4,000,000. Mafungu yanajulikana. Mke wa marehemu asiye na mtoto ana robo, nayo ni milioni 1. Robo tatu zilizobaki ni za ndugu na dada, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Ndugu anapata milioni 2, dada milioni 1.

Ndugu wa Kwale hana akaunti ya benki. Kwa hivyo, kama tunavyofanya siku zote, familia ikakubaliana kwa simu: tuma zote kwa dada. Shemeji wa marehemu, aliyesimamia shughuli zote kule, akatuma karibu riali 9,000, sawa na milioni 3, kwa mafungu matatu ndani ya miezi miwili. Kwenye fomu ya kutuma, karani akauliza sababu, akajibu "matumizi ya familia", kwa kuwa ndilo jibu la haraka. Mwalimu akatoa milioni 2, akampa nduguye mkononi mbele ya wazee, wakasoma fatiha, wakaondoka.

Kwetu sisi jambo hilo limekamilika, tena kwa heshima. Sasa litazame kwa macho ya mkaguzi. Mwalimu wa 40,000, anayeuza mabuibui, amepokea milioni 3 kwa mafungu matatu kutoka kwa mwanamume ambaye jina lake halifanani na la marehemu wala la mrithi yeyote. Fomu inasema ni matumizi, yeye anasema ni mirathi. Halafu milioni 2 zimetoka taslimu na hazina anwani.

Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2023, mtu ambaye tayari ana 480,000 kwa mwaka, milioni 3 zikiongezwa juu yake, zote zinaangukia kiwango cha asilimia 30. Hiyo ni shilingi 900,000. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 5, yaani 45,000. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani 9,000 kila mwezi, na kwa mwaka mzima ni 108,000. Jumla ni 1,053,000.

Ndugu msomaji, fungu lake la mirathi lilikuwa milioni 1. Anadaiwa zaidi ya alichorithi! Tena sehemu kubwa ya deni hilo ni juu ya pesa ambayo haikuwa yake hata siku moja, ilipita tu mikononi mwake kama amana.

Hili ndilo tunalolipinga. Hatupingi kukaguliwa. Tunajua wako watu wanaokula rushwa na kusema "nilipewa na mjomba", na wafanyabiashara wanaoficha mauzo chini ya neno zawadi. Mkaguzi ana haki ya kuuliza. Lakini kuuliza ni kitu kimoja, na kumpa mtu deni kwanza halafu umwambie akajitetee ni kitu kingine. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za serikali kwa njia ya haki na ya busara. Ni busara gani kuitoza mirathi iliyogawanywa kwa watatu kama mauzo ya mmoja?

Na sisi tuna sababu ya kuwa na wasiwasi zaidi ya wengine. Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa, kampuni 13 za kutuma pesa, nyingi zikiwa zile zinazotumiwa na familia za Kisomali, zilifungiwa kwa mkupuo mmoja, na hazikufunguliwa mpaka Juni. Familia zisizo na kosa zilikosa pesa ya chakula. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya shirika la kimataifa linalopambana na utakasaji wa pesa, na benki zimezidi kuuliza. Pesa inayotoka Ghuba ikija kwa jina la Kiislamu haichukui muda kutiliwa shaka. Basi tusijiongezee shaka kwa mikono yetu wenyewe.

Maana hapa lazima tuseme na upande wetu. Sisi ni umma ambao aya ndefu kuliko zote katika kitabu chetu, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Lakini ukimwambia mtu "tuandikiane", anakasirika: "Kwani huniamini?" Tumegeuza karatasi kuwa tusi. Tunagawa mirathi ya mamilioni kwa sauti za WhatsApp. Halafu siku ya barua tunatafuta mtu wa kutuandikia hati ya kiapo ya ukurasa mmoja: "Naapa pesa hii ni mirathi." Kiapo chako peke yako hakitoshi. Ni neno lako juu ya neno lako.

Kinachotakiwa ni mnyororo usiokatika, kuanzia kwa marehemu mpaka kwenye akaunti yako, na kutoka hapo mpaka kwa kila mrithi. Tuufuate kwa mwalimu wetu.

Pete ya kwanza ni kifo: cheti cha kifo kutoka Muscat. Pete ya pili ni warithi, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Katika nchi za Ghuba, mali ya marehemu haigawanywi rasmi mpaka itolewe hati inayoorodhesha warithi na mafungu yao. Mwombe mjane au wakili wao nakala yake. Hati hiyo moja inasema yote matatu: nani amekufa, nani anamrithi, na kwa fungu gani. Ikiwa ni ya Kiarabu, itafsiriwe na mtafsiri anayekubalika, na tafsiri iambatanishwe na ile ya asili. Usipeleke Kiarabu kitupu ukategemea afisa atajisomea.

Pete ya tatu ni udugu. Jina la marehemu kwenye hati ya Muscat lilingane na la kakako kwenye cheti cha kuzaliwa au pasipoti. Hapa watu wetu wengi hukwama, kwa sababu Mkenya aliyekwenda Oman huenda huko anaitwa kwa jina la baba, babu na kabila, na huku ana majina mawili tu kwenye kitambulisho. Ukiona majina hayalingani, usisubiri uulizwe. Hapo ndipo hati ya kiapo ina kazi yake, ya kueleza kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, ikiungwa mkono na cheti cha kuzaliwa na mashahidi wa ukoo. Mahakama ya Kadhi, ambayo kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu wanaokubali kusikizwa nayo, inaweza pia kuamua nani ni warithi na mafungu yao. Lakini tusidanganyane: uamuzi wa Kadhi unathibitisha kwamba ulistahiki. Hauthibitishi kwamba pesa hii iliyoingia tarehe fulani ndiyo ile mirathi.

Hiyo ni kazi ya pete ya nne, nayo ni njia ya pesa. Kwa mwalimu wetu, aliyetuma ni shemeji wa marehemu. Basi iko wapi hati ya uwakala iliyompa mamlaka ya kushughulikia mirathi? Iko wapi stetimenti yake inayoonyesha pesa ilitoka kwa mali ya marehemu, ikaingia kwake, ikatoka kuja Mombasa? Ziko wapi risiti tatu za kutuma, na jumla yake inalingana na mafungu ya milioni 2 na milioni 1? Na ile "matumizi ya familia" kwenye fomu ieleze mtumaji mwenyewe kwa maandishi yaliyoapiwa. Ukiipuuza, mkaguzi hataipuuza.

Pete ya tano ni pesa kutoka kwako. Milioni 2 za nduguyo zingekwenda kwa benki hadi benki, zingejieleza zenyewe. Kumfungulia mzee wa Kwale akaunti ni kazi ya asubuhi moja. Kumtetea mwalimu kwenye jopo ni kazi ya miezi. Ikiwa tayari zilikwenda taslimu, ndugu aandike na kuapa kwamba alipokea, siku gani, mbele ya nani, na alizifanyia nini. Ikiwa alinunua shamba wiki iliyofuata, mkataba wa shamba ni shahidi bora kuliko wazee kumi.

Na ikiwa si mirathi bali ni hiba ya mtu aliye hai? Mnyororo ni uleule, ila mahali pa cheti cha kifo na hati ya warithi panakaa mambo mawili. La kwanza ni nia. Sheria yetu inajua nguzo za hiba: mwenye kutoa atamke, mwenye kupewa akubali, na kitu kikabidhiwe. Yaandikwe hayo kwenye karatasi moja, isemwe wazi kwamba ni hiba, si mkopo, si malipo ya kazi wala bidhaa. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni uwezo. Swali litakuja: huyo dada yako aliye Doha, anayefanya kazi ya ndani, alizitoa wapi milioni 3? Kama alikusanya miaka minane, stetimenti yake ionyeshe akiba ikikua. Kama aliuza kitu, mkataba uwepo. Hiba kutoka kwa mtu asiyeonekana kuwa nayo haimshawishi mtu.

Ikiwa pesa ilishaingia na hamkuandika, andikeni leo, kwa tarehe ya leo. Hati iseme: "Mimi nilimpa dada yangu kiasi hiki tarehe ile." Usimruhusu mtu yeyote akuandikie karatasi ya leo kwa tarehe ya mwaka juzi. Hiyo si busara, ni kughushi, na ikigundulika utakuwa umegeuza mirathi ya halali kuwa kesi ya jinai. Na yale uliyoiambia benki siku pesa ilipoingia yako kwenye faili. Hadithi iwe moja tangu mwanzo, nayo iwe ya kweli.

Sasa barua imefika. Ikiwa ni ya kuuliza tu, jibu ndani ya siku zilizotajwa, na stetimenti uiwekee alama: mstari huu ni pete fulani, karatasi namba fulani. Ikiwa ni tathmini ya kodi yenyewe, hesabu siku 30 tangu ulipojulishwa. Ndani ya siku hizo pingamizi liwe limeingia kwenye iTax. Liseme wazi unapinga kiasi gani, kwa sababu gani, unataka kirekebishwe vipi, na liambatane na ushahidi. Sehemu ya kodi usiyoipinga, kama ipo, ilipwe. Usikae ukingoja karatasi za Muscat mpaka siku ya 40. Weka pingamizi kwa ulichonacho, useme kwa maandishi ni hati gani zinakuja na umeziomba lini. Ukiambiwa pingamizi lako halijakamilika, siku za kulikamilisha ni chache sana, kwa hivyo soma barua pepe yako kila siku. Kama ulichelewa kwa ugonjwa, safari au sababu nyingine ya msingi, sheria inakuruhusu kuomba kuongezewa muda, lakini lete uthibitisho.

Pingamizi likiwa halali, Kamishna ana siku 60 za kuamua. Zikipita bila uamuzi, sheria inahesabu kwamba pingamizi lako limekubaliwa. Andika tarehe hizo ukutani! Akikukatalia, una siku 30 za kupeleka notisi ya rufaa kwenye Jopo la Rufaa za Kodi, na siku 14 baada ya hapo kuleta hoja na ushahidi wako. Kule, ukileta mnyororo unaoshikana, mzigo huhama. Kamishna hawezi tena kusema tu "siamini". Atatakiwa aonyeshe ni pete gani iliyokatika.

Mpaka tuuseme pia. Mirathi haitozwi, lakini inachozaa kinatozwa. Ukijenga nyumba ya kupangisha kwa pesa hiyo, kodi ya nyumba utaitangaza. Na "zawadi" ya mteja au mwajiri wako inaweza kuwa malipo kwa jina jingine. Tukitetea haki, tusiitetee hila.

Tunachokidai kwa wenye kukagua ni vitu viwili, na vyote viko ndani ya sheria iliyopo. Kwanza, muulizeni mtu kwa maandishi juu ya kila pesa mnayoitilia shaka kabla ya kumwandikia deni, na mpeni muda unaotosha kupata hati kutoka nchi ya nje. Pili, pesa iliyopita kwa mtu kama amana ya warithi wenziwe, na ikathibitika hivyo, isihesabiwe kwake hata senti.

Tunachokidai kwako, ewe msomaji, ni kimoja. Marehemu akizikwa, kabla hajatumiwa mtu yeyote shilingi moja, pigeni simu ya kuomba hati ya warithi. Kila mrithi atumiwe fungu lake kwa jina lake, na fomu ya kutuma iseme mirathi. Faili hilo likae kabatini kwa miaka isiyopungua mitano, na zaidi ya hapo ni bora. Anayeona haya kuomba karatasi kwa nduguye leo, kesho ataziomba akiwa na tathmini ya 900,000 mkononi.

Mwenye kisa kama hiki na siku 30 bado hazijaisha, atuandikie leo, si baada ya Ijumaa.